Siku zimepita, kipimo kinasema hakuna mimba

*Shikamoo mama. Nina miaka 24, naishi Kahama, nafanya kazi mapokezi ya nyumba ya wageni. Siku zangu huwa haziruki, kila baada ya siku 28 hadi 30 naziona. Za mwisho zilianza tarehe 3 Juni. Usiku wa tarehe 13 Juni kondomu ilipasuka, asubuhi yake nikanunua P2 nikameza zote mbili. Tarehe 26 Juni tulikutana tena bila kinga, nikijua P2 bado inanilinda. Tangu hapo hatujakutana. Siku zangu nilizitegemea tarehe 2 Julai. Nimepima kwa kipimo cha mkojo tarehe 4 na tarehe 9, mara zote mstari mmoja. Leo ni tarehe 11, matiti yanauma, nachoka, tumbo limejaa, lakini damu hakuna. Tangu mwezi wa tano nimewekwa zamu za usiku na nimepungua, sketi zote zinanivuka. Rafiki yangu anasema mimba imejificha kwa hiyo nitafute vidonge vya kushusha siku. Mama yake anasema ni chango. Niamini kipimo au niamini mwili? — Binti wa Kahama*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa kuandika tarehe zote. Wengi hunipa "kama wiki mbili hivi" halafu wanataka jibu kamili. Wewe umenipa kalenda, na jibu lako karibu lote limo humo.

Tuanze na jambo ambalo wanawake wengi hawajaambiwa. Siku za hedhi hazichelewi zenyewe. Kinachochelewa ni yai. Yai likishatoka kwenye kifuko chake, hedhi hufuata baada ya takriban siku 14, na muda huo haubadiliki sana kwa mwanamke mmoja. Muda unaovutika ni ule wa kabla, tangu hedhi inapoanza hadi yai linapokomaa. Huo unaweza kuwa siku 12 mwezi huu na siku 25 mwezi ujao, kwa sababu ya safari, homa, dawa, njaa au mawazo. Kwa hiyo mtu aliyechelewa siku huku kipimo kikisema hakuna mimba, swali la kwanza ni: yai lilitoka lini, au lilitoka kweli?

Mzunguko wako ni wa siku 29 hivi. Ondoa 14, inabaki 15. Siku ya 15 ukihesabu tangu tarehe 3 Juni ni tarehe 17 Juni. Hapo ndipo yai lako lingetoka kama mwezi ungekwenda kawaida. Wewe ulimeza P2 tarehe 14, siku tatu kabla. Kazi kubwa ya P2 ndiyo hiyo hasa: inalizuia yai lililokaribia kutoka, lisubiri kwanza, ili mbegu za kiume ambazo zimeshaingia zife kabla halijafika. Mbegu huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano. Ulimeza mapema, ndani ya saa chache, na kabla ya yai kutoka. Kwa tukio la tarehe 13 ulifanya vizuri.

Lakini yai lililozuiwa linaweza kutoka baadaye. Linaweza kuchelewa siku kadhaa, wiki au zaidi, ndipo litoke. Ndiyo maana baada ya P2 wanawake wengi huona siku zao ndani ya wiki moja kabla au baada ya tarehe waliyoitegemea, na wachache huvuka hata hapo. Wewe umevuka kwa siku tisa. Kama yai lako lilisogea hadi tarehe 26 au 30 Juni, hedhi ingetakiwa kufika kati ya tarehe 10 na 14 Julai. Yaani kwa hesabu ya mwili wako, huenda hujachelewa kabisa. Umechelewa kwa hesabu ya kalenda ya ukutani tu.

Na hapa ndipo tarehe 26 Juni inaponitia wasiwasi kuliko tarehe 13. P2 haibaki mwilini kulinda mwezi mzima. Inashughulika na tendo lililokwisha kupita, basi. Tena kwa kuwa inalisogeza yai mbele, siku zinazofuata huwa za hatari kuliko mtu anavyodhani, maana yai lililotakiwa kuwa limeshapita bado liko njiani. Nimeona mabinti wengi wakibeba mimba kwa namna hii, na wote husema dawa ilikuwa feki.

Sasa tuvisikilize vipimo vyako viwili, maana kila kimoja kilijibu swali, ila si swali ulilodhani.

Kipimo cha mkojo hakitafuti mimba. Kinatafuta homoni ambayo mwili huanza kuitoa baada ya yai lililorutubishwa kujishikiza kwenye ukuta wa kizazi. Kujishikiza huko huchukua kati ya siku 6 na 12 tangu yai litoke. Kabla ya hapo hata kipimo cha bei kubwa namna gani hakina cha kuona. Baada ya hapo homoni hupanda haraka, kwa kawaida huongezeka maradufu kila baada ya siku mbili au tatu. Ndiyo sababu kipimo cha leo kinaweza kusema hapana na cha siku nne zijazo kikasema ndiyo, wala hakuna kilichodanganya.

Kanuni tunayoitumia kliniki ni rahisi kukumbuka: hesabu siku 21 tangu ulipokutana na mwanamume mara ya mwisho bila kinga. Kipimo kilichofanywa vizuri siku hiyo au baada yake, kikisema hakuna, tunakiamini. Usihesabu tangu siku uliyotegemea hedhi, kwa sababu ukishameza P2, au kama siku zako zinayumba, tarehe hiyo haina maana tena.

Tangu tarehe 13 Juni hadi tarehe 4 Julai ni siku 21 kamili. Kwa hiyo kipimo chako cha kwanza kilijibu habari ya kondomu iliyopasuka, na cha tarehe 9 kikakazia: mimba ya usiku ule haipo. Lakini tangu tarehe 26 Juni hadi tarehe 4 Julai ni siku 8 tu. Hapo kilikuwa hakina uwezo wa kusema lolote. Hadi tarehe 9 ni siku 13, bado ni mapema. Baadhi ya mimba huonekana wakati huo na nyingine hazionekani. Siku yako ya 21 ni tarehe 17 Julai. Pima asubuhi ya siku hiyo. Hapo katikati usijitese kwa kununua kipimo kila siku.

Upimaji wenyewe pia una makosa yake. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kwako wewe wa zamu za usiku maana yake ni mkojo wa baada ya usingizi wako mrefu, hata kama unaamka saa nane mchana. Watu hunywa maji lita nzima ili wapate mkojo haraka, matokeo yake mkojo unakuwa mwepesi kama maji ya bomba na homoni kidogo iliyopo haionekani. Angalia tarehe ya mwisho kwenye pakiti, na usiifungue mpaka dakika ya kupima, kwa sababu unyevu unaiharibu. Chovya upande wenye mishale, usivuke mstari ulioandikwa MAX, kisha kilaze mahali pa tambarare. Soma kati ya dakika 3 na 5, au kama maelezo ya pakiti yanavyosema. Mstari wa C usipotokea, kipimo hicho ni kibovu, kitupe. Mstari wa T ukitokea ndani ya muda, hata ukiwa hafifu namna gani, hesabu ni mimba na upime tena baada ya siku mbili. Lakini kivuli cha kijivu unachokikuta jioni kwenye kipimo ulichotupa asubuhi si kitu. Ni mkojo uliokauka.

Kuhusu matiti na uchovu, mwanangu, mwili hapa si shahidi mzuri. Yai likishatoka, ovari hutoa homoni ya projesteroni, na hiyo ndiyo inayouma matiti, inayojaza tumbo gesi na kuleta usingizi. Hutolewa ukiwa na mimba na hutolewa usipokuwa nayo. P2 yenyewe ni ndugu ya homoni hiyo, nayo huleta matiti mazito na kichefuchefu kwa siku kadhaa. Kwa hiyo dalili hizo zinaweza kumaanisha mimba changa, na zinaweza kumaanisha hedhi iko karibu kabisa. Kwa dalili peke yake hata mimi mkunga wa miaka siwezi kutofautisha.

Usikimbilie ultrasaundi wiki hii. Kama mimba ya tarehe 26 ipo, leo ni changa mno kuonekana. Utalipa pesa yako, utaambiwa kizazi ni kitupu, utarudi nyumbani na hofu mpya kwamba imetunga nje. Kipo kitu kimoja tu cha kukufanya uache kusubiri: ukipata maumivu makali ya chini ya tumbo, hasa upande mmoja, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, maumivu ya ncha ya bega bila sababu, au damu ya matone inayoambatana na maumivu. Hapo nenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na mwambie daktari tarehe hizi zote. Mimba iliyotunga nje ya kizazi wakati mwingine hutoa homoni kidogo, na kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha hafifu au kisionyeshe. Kuna kipimo cha damu cha homoni hiyohiyo ambacho hutoa kiasi kwa tarakimu, nacho ndicho kitakachohitajika.

Vidonge vya kushusha siku usivinunue. Kwenye baadhi ya maduka ya dawa "vya kushusha siku" ni misoprostol, dawa ya kusababisha mimba itoke na ya kuzuia damu baada ya kujifungua. Si ya kumezwa kwa kubahatisha na mtu asiyejua kama ana mimba, wala ni ya umri gani, wala imetunga wapi. Mahali pengine utapewa homoni ambazo zikiisha damu hutoka. Damu hiyo itakutuliza, lakini haitakuwa imejibu kwa nini yai halikutoka, na kalenda yako itakuwa imevurugwa mara ya pili. Daktari hutumia homoni za namna hiyo, tena kwa makusudi, lakini baada ya kuhakikisha mimba haipo. Mizizi ya kuchemsha ndiyo siwezi kuisemea, kwa sababu hakuna anayejua mnauziwa nini wala kipimo chake.

Chango nimelisikia tangu nikiwa mwanafunzi. Mama wa rafiki yako hakosei kwamba kuna kitu kinaendelea. Anakosea kukiita jina moja kila kitu cha tumbo la mwanamke. Na ukienda maabara ukaambiwa una maambukizi ya njia ya mkojo, yatibu kama yapo kweli, lakini hayo hayachelewi­shi hedhi.

Tuseme tarehe 17 imefika, umepima vizuri, mstari mmoja, na hedhi bado. Hapo swali la mimba tumelifunga, na ile sketi inayokuvuka inaanza kuwa habari kubwa. Ubongo una sehemu inayoamrisha ovari, na sehemu hiyo hupima chakula, usingizi na hofu kabla ya kutoa amri. Mtu akipungua haraka, akiruka milo, akilala mchana kwa vipande vipande, amri inapungua nguvu na yai halikomai. Ukiweza, kula mlo kamili kabla ya kuingia zamu, si chai na andazi moja saa kumi alfajiri. Nisingependa kuona kilo zikiendelea kushuka. Zikishuka na huku unakula, au una kikohozi kisichoisha, jasho la usiku au homa za jioni, hiyo si zamu. Nenda ukapimwe kifua kikuu na virusi vya Ukimwi bila kuchelewa. Kifua kikuu kikiwa mwilini kinaweza kusimamisha hedhi chenyewe.

Kuna maswali mengine nitakayokuuliza ungekuwa mbele yangu. Je, katika mwaka uliopita umewahi kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango, hata moja? Hukuitaja, na siku zako zimekuwa zikija vizuri, kwa hiyo nadhani hapana. Lakini wasomaji wengine walioko kwenye hali yako jibu lao liko hapo. Sindano ya miezi mitatu hulinda kwa miezi mitatu, ila kuisha kwake mwilini ni polepole. Mwanamke aliyechomwa ya mwisho Januari anaweza kufika Septemba au Oktoba hajaona siku zake, vipimo vyote mstari mmoja, na asiwe na ugonjwa wowote.

Swali la pili: unatumia dawa gani nyingine? Dawa za kuzuia kutapika za aina ya metoklopramidi, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidol, hupandisha homoni ya maziwa, na homoni hiyo ikipanda hufunga hedhi kama inavyofanya kwa mama anayenyonyesha. Ukibonyeza chuchu ukaona maziwa na hujazaa, hiyo ni dalili ya kupeleka kwa daktari. Dawa usiache mwenyewe.

Kama tangu ulipovunja ungo siku zako zingekuwa zinaruka miezi miwili mitatu, na una ndevu kidevuni, chunusi sugu na unanenepa, ningefikiria ile hali ya ovari kuwa na mayai mengi madogo yasiyokomaa. Ni ya kawaida kuliko watu wanavyojua. Lakini historia yako haifanani nayo hata kidogo, na sitaki uende kuitafuta mitandaoni usiku ukiwa kazini. Tezi ya thairoidi nayo huvuruga siku, ikifanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi. Ile ya kupita kiasi humpunguza mtu, hivyo ukiona na moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka na joto halivumiliki, itaje.

Kwa mwanamke ambaye siku zake zilikuwa sawa, akikaa miezi mitatu bila kuziona na mimba haipo, tunamchunguza rasmi. Ambaye zilikuwa zikiyumba tangu zamani, tunasubiri hadi sita. Kwako, kwa sababu ya kilo, sitakwambia usubiri mitatu. Hedhi isipoonekana hadi mwisho wa Julai, nenda kituo cha afya, upime uzito, wingi wa damu na mimba kwa mara ya mwisho, na wakikuona unahitaji vipimo vya homoni na ultrasaundi watakupa rufaa ya hospitali ya wilaya. Nenda na karatasi yenye tarehe kama ulivyoniandikia.

Na kama tarehe 17 mistari ni miwili? P2 haimdhuru mtoto, hilo liondoe moyoni. Kliniki watahesabu umri wa mimba tangu tarehe 3 Juni, na kwa kuwa yai lako lilichelewa, hesabu yao itakuwa mbele ya ukweli kwa wiki moja au zaidi. Waambie kuhusu P2 na tarehe 26, waombe ultrasaundi ya mapema ya kupata umri sahihi, la sivyo mwezi wa tisa wa mimba wataanza kusema mtoto amepitiliza.

La mwisho ni kinga. Watakwambia usubiri uone siku zako ndipo uanze njia ya uzazi wa mpango. Si lazima. Ukipima tarehe 17 ikawa hakuna, na hujakutana naye tangu tarehe 26 Juni, unaweza kuanza siku hiyohiyo, vidonge vya majira, sindano au kijiti, na kutumia kondomu kwa siku 7 za mwanzo. Kwa hali yako ningechagua vidonge vya majira vyenye homoni mbili kama presha yako iko sawa, huvuti sigara, huna kipandauso cha kuona vimulimuli na hujawahi kuganda damu miguuni. Sindano na kijiti ni njia nzuri, ila huvuruga hedhi, na mwezi wa nane ungeniandikia tena kuniuliza damu imekwenda wapi.